Tukio, dhana na kumbe: jinsi sura moja ya kumbukumbu inavyosimama

Mwaka huu nimeletewa miswada mitano ya watu wanaoandika maisha yao. Minne ilitoka hapa Mbeya mjini na mmoja ulitoka Iringa, na karibu wote ni wastaafu: walimu, muuguzi, na mzee aliyefanya kazi reli ya TAZARA. Yote mitano inaanza kwa neno lilelile, "Nilizaliwa." Baada ya hapo yanafuata majina ya wazazi, shule ya msingi, sekondari, kituo cha kwanza cha kazi, ndoa, watoto, uhamisho. Kila mwandishi aliniuliza swali ambalo mwenzake alikuwa ameshaniuliza: mbona mambo yote nimeyaandika, na yote ni ya kweli, lakini hata wanangu hawamalizi ukurasa wa tatu?

Nadhani mkanganyiko unaanzia kwenye majina, kwa hiyo tuyanyooshe kwanza. Wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mwingine. Tunaujua sana kwa sababu husomwa kwenye kila msiba, na neno hilohilo tunalitumia kwa karatasi ya kuombea kazi. Tawasifu ni maisha ya mtu yaliyoandikwa na yeye mwenyewe, aghalabu tangu kuzaliwa hadi siku anapoandika. Kumbukumbu ni kitu cha tatu. Mwandishi wa kumbukumbu hachukui maisha yote. Anachukua kipande, labda miaka sita ya bweni, labda msimu mmoja wa ugonjwa wa mama, na swali lake si nini kilitokea tu, bali kile kilichotokea kilikuwa nini hasa.

Wasifu wa marehemu una kazi yake na unaifanya vizuri. Waombolezaji wanataka kujua katika dakika tano huyu alikuwa nani, alisoma wapi, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Haukusudiwi kumwingiza msikilizaji ndani ya siku moja. Lakini kwa kuwa ndio maandishi ya maisha tunayoyasikia mara nyingi kuliko yote, mtu akikaa mezani kuandika habari zake mkono unakwenda wenyewe kwenye mtindo ule. Miswada ile mitano, kwa umbo lake, ni wasifu wa msibani uliorefushwa hadi kurasa mia.

Kinachokosekana si matukio makubwa. Hili ni kosa la kwanza ninalolisikia: "Maisha yangu hayana kitu, mimi sikuwahi kuwa waziri." Kinachokosekana ni umbo la sura, na umbo lenyewe tunalitumia kila siku bila kulipa jina.

Siku moja nilikuwa kwenye daladala kutoka Mwanjelwa, na kiti cha mbele yangu mama mmoja alikuwa anamsimulia mwenzake. Alisema hivi, karibu neno kwa neno: "Juzi nafungua mlango alfajiri, namkuta baba mwenye nyumba kasimama uani, kimya, na ndoo mkononi. Nikadhani kodi. Moyo ukanipasuka, maana nina deni la miezi miwili, na mwezi mzima nilikuwa namkwepa. Nikaanza kujieleza, hela ya kikoba, mtoto aliumwa. Kumbe mwenzangu bomba lake limekufa, ana siku tatu hana maji, anaona aibu kunigongea."

Yule mama alikuwa na sehemu tatu. Kwanza kuna tukio: alfajiri, uani, mtu amesimama na ndoo. Tunaona. Pili kuna "nikadhani", pale msimulizi anapoacha kutuonyesha ua na kutuingiza kichwani mwake, akatueleza alilipaje tukio maana na kwa nini. Tatu kuna "kumbe", pale maana ile inapogeuka. Hizo ndizo sehemu tatu za sura ya kumbukumbu. Katika makala haya nitaziita tukio, tafakuri na mgeuko, ila ukisahau majina hayo kumbuka tu "siku ile", "nikadhani" na "kumbe".

Angalia pia jambo moja dogo kabla hatujaendelea. Ndoo ilitajwa mwanzoni kabisa. Tuliiona lakini hatukuipa uzito, kwa sababu msimulizi mwenyewe wakati ule hakuipa uzito. Kumbe ilipokuja, ndoo ikawa ndiyo habari yenyewe. Mgeuko mzuri haushuki kutoka mbinguni. Umekuwa umelala ndani ya tukio tangu mwanzo.

Sasa nikuonyeshe kwa sura yangu mwenyewe, kwa sababu niliiandika mara tatu na nakala zote tatu ninazo.

Nilikulia kijijini kwenye miteremko ya Uporoto, juu ya Uyole, kwenye viazi mviringo. Sura niliyotaka kuiandika ilihusu lumbesa. Kwa asiyejua, lumbesa ni gunia linalojazwa kupita mdomo wake: likishajaa linaongezewa juu, kilima kinashikiliwa kwa kamba iliyofumwa, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Kwetu gunia lilijaa kwa debe sita. La mnunuzi lilikula saba, nane, na wakati mwingine zaidi.

Nakala ya kwanza ilianza hivi: "Kila msimu malori yalikuwa yakija kijijini kununua viazi. Wanunuzi walikuwa wakijaza lumbesa na wazazi wetu walikuwa wakinyonywa. Mama yangu alikuwa mpole na hakuwa akisema kitu." Iliendelea hivyo kurasa nne. Nikaweka habari za Wakala wa Vipimo na marufuku ya lumbesa, nikamaliza kwa kusema kwamba wakulima wanastahili haki. Hakuna sentensi ya uongo humo, lakini ni makala ya gazeti. Si kumbukumbu, kwa sababu mtu yeyote aliyekulia Umalila, Njombe au Makete angeweza kuiandika bila kubadilisha neno.

Kiswahili kinatupa kipimo rahisi cha kugundua kosa hili, nacho kiko kwenye vitenzi. "Yalikuwa yakija", "walikuwa wakijaza", "hakuwa akisema": huo ni usemi wa mazoea, wa jambo lililojirudia. Ukurasa ukijaa maumbo hayo, pamoja na "kila msimu", "mara nyingi", "siku zote", hakuna kinachotokea humo. Kuna desturi tu. Tukio huanza pale mazoea yanapokatika na siku moja inapojitenga na nyingine. Hapo vitenzi vinabadilika vyenyewe. Unaanza na -li-, kisha -ka- inashika usukani: lori lilikuja, likasimama, kijana akashuka, akafungua bodi. Kila -ka- ni hatua moja mbele, na msomaji anatembea nazo. Hata viashiria hubadilika: si "asubuhi" tena, ni "asubuhi ile".

Kwa hiyo mtu akiniletea sura, kalamu yangu hupita kwanza kwenye vitenzi. Nikipita kurasa mbili bila kukutana na -ka- hata moja, najua tukio bado halijaanza. Na swali ninalomuuliza mwandishi ni moja: siku gani? Akijibu "siku nyingi tu", namwambia achague moja. Mazoea hayatupwi. Yanakaa aya moja mwanzoni ili msomaji ajue hali ilivyokuwa, halafu yanaachia njia.

Nilipojiuliza mwenyewe siku gani, jibu lilikuja bila taabu: Jumamosi moja ya Juni mwaka 1991, nikiwa na miaka kumi. Nakala ya pili ikaanza hapo. Nanukuu kipande chake, kwa sababu kila neno litahitajika mbele:

"Jumamosi ile umande ulikuwa umeganda kwenye nyasi za kando ya njia, na lori la Isuzu lilishindwa mara mbili kupanda kwenye kona ya kwetu. Mnunuzi alishuka amevaa koti refu, akamsalimia mama, kisha akanigeukia mimi. 'Wewe kijana ukifanya kazi vizuri leo utakaa mbele na dereva mpaka barabarani.' Gunia la kwanza likajaa kwa debe sita. Kijana wa mizigo akachota debe la saba. Mama alikuwa amechuchumaa akihesabu kwa punje za mahindi, punje moja kila debe, na akainuka nusu. 'Basi,' akasema. 'Achia.' Kijana akamimina. Mama akachuchumaa tena, akaweka punje ya saba pembeni ya zile sita."

Utaona sikueleza baridi ya Uporoto kwa jumla, wala uzuri wa milima. Nilichagua vitu vichache: nyasi zilizoganda, koti, punje za mahindi, maneno mawili ya mama. Wengi hudhani tukio linahitaji maelezo mengi, rangi za nguo na sura za watu. Linahitaji vitu vichache ambavyo mwandishi kweli anavikumbuka, na kila kimoja kiwe kinafanya kazi. Punje zinahesabu. Kiti cha mbele kinatamanisha. Nisichokikumbuka nakiacha. Sura ya mnunuzi siikumbuki kabisa, nakumbuka koti tu, kwa hiyo kwenye sura yangu yeye ni koti.

Hapa pana jambo wanaloniuliza sana: je, ninaruhusiwa kuweka maneno ndani ya alama za nukuu wakati miaka thelathini imepita? Ninavyoona, unaruhusiwa kuandika maneno yaliyobaki kichwani jinsi yalivyobaki, na unalazimika kuacha yale unayoyabuni ili ukurasa unoge. "Basi. Achia" nimeyasikia maisha yangu yote. Hotuba ya mnunuzi kuhusu bei siikumbuki, ningeiandika ingekuwa riwaya. Msomaji wa kumbukumbu anakuamini kwa sababu moja tu, kwamba hukubuni, na ukishamvunjia imani hiyo mahali pamoja huwezi kuirudisha kwingine.

Baada ya tukio hilo nakala ya pili iliingia kwenye tafakuri. Nilichoandika kwanza kilikuwa hiki: "Umaskini ni kitu kibaya. Mkulima asiye na elimu hawezi kutetea haki yake. Ndiyo maana tunapaswa kuwasomesha watoto wetu." Nilikisoma tena kesho yake nikaona hakina mtu ndani yake.

Shuleni tulifundishwa kwamba hadithi ikiisha lazima useme inatufunza nini. Mazoea yale hayafutiki kirahisi, na kwa ngano ya sungura na fisi ni sawa kabisa. Kwenye kumbukumbu ndiyo yanayoua sura nyingi. Funzo linasema na watu wote kuhusu mambo yote, na likishasemwa mlango umefungwa. Tafakuri inasema na tukio lile moja na inauacha mlango wazi kidogo. Funzo linaanza na "tunapaswa". Tafakuri inaanza na "nikadhani", "sikuelewa kwa nini", "miaka mingi nimejiuliza".

Kwenye tafakuri kuna watu wawili wenye jina moja. Kuna mtoto wa miaka kumi aliyekuwa pale, anayejua kile tu mtoto anachojua. Na kuna mtu mzima anayeandika leo. Mwandishi lazima ajue kila sentensi inatoka kinywani mwa yupi, na hapa tena vitenzi vinasaidia. Mtoto anasema kwa -li- na -ka-: niliona aibu, nikamkasirikia mama. Mtu mzima anasema kwa -na- na -me-: leo naona, nimegundua, bado sijui. Sura inavurugika mtu mzima anapomvamia mtoto katikati ya tukio na kuanza kumsemea. "Mnunuzi akachota debe la saba, kitendo cha kinyonyaji kilichokuwa kimekithiri enzi hizo." Mtoto wa miaka kumi hakuona unyonyaji. Aliona debe, na kiti cha mbele cha lori.

Nikafuta lile funzo. Badala yake nikaandika nilichokidhani kweli kwa miaka ile yote, bila kukipamba:

"Nikadhani mama ameogopa. Alisema neno moja tu na kijana wa mizigo hakujali, basi akanyamaza. Lumbesa ya pili na ya tatu zilifungwa bila mama kufungua kinywa. Kwa miaka mingi nilibeba picha hiyo: mama aliyechuchumaa. Nilipokuwa sekondari na wenzangu wakisimulia jinsi mama zao walivyogombana na madalali sokoni, mimi nilikaa kimya. Hata nilipoanza kumtumia hela kutoka mjini nilimtumia kama mtu anayemlinda mtu dhaifu. Nilimwambia asiuze kitu bila mimi kuwepo."

Kipande hiki kiliniuma kukiandika, na naamini ndivyo inavyokuwa tafakuri ikiwa ya kweli. Haiishii kwenye wazo. Inaonyesha wazo lile lilifanya nini maishani: ukimya wangu sekondari, ile amri niliyompa mama yangu mzazi. Ukitaka kujua kama tafakuri yako ina uzito, tafuta ndani yake kitendo kimoja ulichokifanya kwa sababu ya ile "nikadhani". Kama hakipo, bado uko kwenye hotuba.

Nakala ya pili iliishia hapo. Ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza na bado ilikuwa imekufa. Msomaji aliingia akimhurumia mama yangu na akatoka akimhurumia mama yangu. Hakuna kilichosogea. Nilijaribu kuweka mgeuko kwa nguvu: nikaandika kwamba mama baadaye aliugua, nikaandika kwamba lori lile lilisikika limepata ajali. Mambo ya namna hiyo huitwa mgeuko na wengi, na hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote. Ajali ni tukio jingine. Inaongeza habari, lakini haibadilishi maana ya punje zile saba. Mgeuko si kitu kipya kinachotokea mwishoni. Ni kitu kilekile cha mwanzoni kikionekana kwa upande wa pili.

Aliyenipa mgeuko ni dada yangu, na hakujua kama amenipa. Nilimsomea sura kwenye simu. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali la mtu aliyefunga magunia mengi: "Sasa gunia lilisimamaje?"

Sikumwelewa. Akanieleza kama anavyomweleza mtoto. Gunia likishajaa debe sita mdomo wake unajikunja. Debe la saba likimiminwa viazi vyote vinamwagika pembeni, isipokuwa mtu ameukamata mdomo kwa mikono miwili na kuuvuta juu, wazi. Kijana wa mizigo alikuwa ameshika debe. Mnunuzi alikuwa na mikono mfukoni. Mama alikuwa kwenye punje.

Nilikata simu nikakaa. Nilikuwa nimeshika mimi.

Na kumbukumbu nyingine zikafuata zenyewe: katani ikinichoma vidole, mnunuzi akisema "hivyohivyo, vuta juu". Nikarudi kwenye tukio nililokuwa nimeliandika kwa mkono wangu, nikasoma maneno mawili ya mama. Sikuyabadilisha tangu nakala ya pili, unaweza kuyatazama hapo juu. "Basi. Achia."

Kwetu nyanda za juu mtu mzima, tena mgeni, husemeshwa kwa wingi. Mama yangu hakuwahi kumwambia mwanamume asiyemfahamu "achia". Angesema "achieni", au "acheni, baba". Kijana wa mizigo alikuwa mtu mzima kwa umri wake, na hata muuza chumvi aliyepita na baiskeli mama alimwambia "karibuni" akiwa peke yake. Watoto wake ndio aliowaambia kwa umoja. Mbele ya wageni alituambia kwa Kiswahili badala ya lugha ya nyumbani, kwa sababu aliona si adabu kusema na mtoto maneno ambayo mgeni hayaelewi.

Alikuwa anasema na mimi. Achia gunia. Ningeachia, debe la saba lingemwagika chini, na mnunuzi angelazimika kulifunga gunia kwa sita bila mama kugombana na mtu yeyote. Sikuachia, kwa sababu nilitaka kukaa mbele na dereva.

Kwenye nakala ya tatu sikubadilisha sana. Tukio lilibaki, nikaongeza sentensi mbili tu: moja inayoniweka kwenye gunia, "nikapewa mdomo wa gunia niushike", iliyokaa kimyakimya katikati ya mengine, na nyingine ya katani kunichoma vidole. Sikutaka kumdanganya msomaji, kwa hiyo mikono yangu ilipaswa kuonekana. Lakini sikuitangaza pia. Ilikaa pale kama ile ndoo ya baba mwenye nyumba. Tafakuri ilibaki karibu kama ilivyokuwa, na makosa yake yote, kwa sababu ndivyo nilivyodhani kweli. Kisha dada akauliza swali lake, na mgeuko ukaja kwa mistari isiyofika ishirini.

Kama unapenda vipimo, sura nzima ilikuwa na maneno kama 2,000. Tukio lilichukua zaidi ya nusu, tafakuri kama robo, mgeuko chini ya maneno 300, na mazoea ya mwanzoni aya moja. Sisemi iwe sheria. Nimesoma sura nzuri zilizoanza na tafakuri na kulipeleka tukio katikati, na nyingine zenye tafakuri ndogondogo zilizotawanyika ndani ya tukio. Ila sijaona sura iliyosimama wakati tafakuri ni ndefu kuliko tukio. Msomaji anakuwa anaambiwa afikiri nini kuhusu kitu ambacho hajakiona vya kutosha.

Kuna hatari mbili zaidi kwenye mgeuko ambazo inafaa kuziangalia. Ya kwanza ni kuutangaza mapema. Ile sentensi "sikujua kwamba siku ile ingebadilisha maisha yangu" inapendwa sana, na kazi yake yote ni kumwamsha msomaji aanze kuvizia. Akianza kuvizia atauona mkono kwenye gunia kabla ya wakati wake. Wanafunzi wa fasihi wataniambia hiyo ni taharuki. Taharuki ya kumbukumbu inatoka kwenye jambo lenyewe, debe la saba linapochotwa na hatujui mama atafanya nini. Haihitaji tangazo.

Ya pili ni kuufafanua ukishapita. Baada ya "nilikuwa nimeshika mimi", nakala yangu ya kwanza ya mgeuko ilikuwa na aya nzima: jinsi sisi watoto tunavyowahukumu wazazi, jinsi ukimya unavyoweza kuwa nguvu. Lile funzo la shuleni lilikuwa limerudi kwa mlango wa nyuma. Nililifuta. Nikamaliza sura pale lori lilipoondoka na mimi nikiwa mbele na dereva, mikono ikinuka katani, na mama kwenye kioo cha pembeni akiokota punje zake moja moja kutoka chini, maana zilikuwa mahindi na zilikuwa za kupanda.

Namna ya kujua kama mgeuko umeshika ni kumpa mtu asome, kisha kumwangalia mkono. Akifika mwisho na kurudisha kurasa nyuma kutafuta mahali fulani, umeshika. Muuguzi mmoja kati ya wale watano alirudi kwenye "Achia" bila mimi kumwambia. Akafungua mswada wake mwenyewe, kurasa mia na kumi za "Nilizaliwa", akatafuta mahali alipoandika kwa mstari mmoja kwamba mwaka wa kwanza wa kazi alifanya zamu ya usiku peke yake wodini na mzee mmoja akamwomba amfungulie dirisha. Mstari mmoja tu, katikati ya uhamisho na vyeo. Nikamuuliza usiku gani. Akaujua. Nikamuuliza alidhani mzee anataka nini. Akanyamaza kwa muda, akaniomba kalamu.

Si kila kumbukumbu ina kumbe, hilo pia lisemwe. Nina tukio jingine la basi lililozima kwenye kona za mlima Kitonga usiku, tukiwa abiria wote kandokando ya barabara, na mwanamke mmoja aliyeimba hadi kukapambazuka. Naliona lote, hadi mawe waliyoyaweka nyuma ya magurudumu. Najua pia nilichodhani. Nimeliandika mara nne na halijageuka bado, na siwezi kuligeuza kwa nguvu bila kubuni. Liko kwenye faili lake. Kila baada ya miezi michache nalitoa, nalisoma, na namuuliza mtu mwingine aliyekuwepo: sasa yale mawe, nani aliyaokota?